Nitakavyowajibu Wazazi Jumamosi

Barua yenyewe ni ya ukurasa mmoja. Imeandikwa kwa mkono mzuri na kutiwa sahihi na wazazi kumi na mmoja wa watoto wangu wa Gredi ya 7. Baada ya salamu wananiambia kwamba wamesikia ninawafundisha watoto "mambo ya kitandani", na kwamba Jumamosi baada ya Adhuhuri watakuja shuleni kunisikiliza. Wa kwanza kutia sahihi ni mzee ninayemheshimu sana, ambaye hapa Jomvu Kuu hukosi kumwona safu ya mbele msikitini. Nimeisoma barua hiyo mara nne. Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya nne niliona kwamba hoja zao zina kweli ndani yake, na kwamba nikienda na hasira nitawapoteza wazazi, na watoto pamoja nao.

Jambo la kwanza nitakalofanya ni kuchukua kitabu cha Sayansi Jumuishi na kukifungua mbele yao penye mada ya uzazi wa binadamu. Nitampa mzee akisome mwenyewe kwa sauti. Atakuta mabadiliko ya mwili wakati wa kubaleghe, viungo vya uzazi na kazi zake, na mzunguko wa hedhi. Mambo ya kitandani yaliyotajwa katika barua hayatayaona. Mtu akiogopa kitu asichokiona, kumwelezea hakumsaidii kama kumwekea mkononi.

Kisha nitawauliza swali moja: mtoto wa chuo hapa kwetu husoma kitabu gani cha fiqhi mwanzo? Wote watasema Safina. Na katika kurasa za mwanzo za Safina mtoto hufundishwa alama tatu za baleghe: kutimiza miaka kumi na mitano, kuota kwa mvulana na msichana, na hedhi kwa msichana, hizi mbili za mwisho zikiwezekana tangu umri wa miaka tisa. Miaka hiyo ni ya mwezi, kwa hiyo kwa kalenda ya ukutani ni takriban miaka minane na miezi tisa. Wanafunzi wangu wa Gredi ya 7 wana miaka kumi na miwili au kumi na mitatu. Maalim amekwisha kunitangulia kwa miaka mitatu, na hakuna aliyemwandikia barua.

Hapo ndipo nilipopata lugha ya somo langu, na nakiri kwamba mwanzoni nilikosea. Nilitumia maneno niliyoyatoa katika Kiingereza cha chuo cha ualimu, nikayatafsiri nusu nusu. Watoto wakacheka, na kicheko hicho kikafika nyumbani kabla yangu. Maneno ya heshima tulikuwa nayo siku zote: hedhi, nifasi, manii, janaba, tupu ya mbele na tupu ya nyuma. Mtoto ameyasikia akiwa amekaa juu ya mkeka, na hacheki.

Nitawaonyesha mfano wa somo lenyewe. Nachora ubaoni mraba thelathini na tano, kama kalenda. Msichana wa mfano wetu ameona damu tarehe 3, ikakatika baada ya siku sita. Kisha akaiona tena tarehe 31 ya mwezi huo huo. Watoto wanahesabu kuanzia siku ya kwanza ya damu hadi siku ya kwanza ya damu nyingine: siku 28. Nawaeleza kwamba katika miaka ya mwanzo mzunguko unaweza kuwa wa siku 21 au hata 45 na msichana akawa mzima. Halafu nawarudisha kwa maalim: uchache wa hedhi ni usiku na mchana, ghalibu yake siku sita au saba, na wingi wake siku kumi na tano, ikizidi hapo ni istihadha na Sala haianguki. Mimi naongeza la daktari tu, kwamba damu ikipita siku saba au nane, au ikawa nyingi mno, asingoje siku ya kumi na tano ndipo aonekane hospitalini. Mwaka jana msichana mmoja alikaa nyumbani majuma mawili akidhani ameumia ndani. Hakuwa na wa kumuuliza.

Nitakapofika hapo najua kina baba watasema, "Mwalimu, hii ni kazi ya mama yake." Kwa kweli zamani haikuwa ya mama. Pwani yetu mama aliona haya, akamkabidhi bintiye kwa somo au kungwi, mwanamke mzima wa kuaminika aliyemfunda faraghani. Leo nyumba nyingi hazina somo, na mama anatoka alfajiri kwenda kazini Changamwe na kurudi usiku. Kwa hiyo nitawauliza kina mama waliokuja, bila kumtaja mtu: nani amekwisha kumweleza bintiye? Kimya kitakachofuata sitakivunja haraka.

La tatu ni gumu zaidi: kwamba kumwambia mtoto ni kumfungulia mlango. Hapa nitawapa habari za Mwanza, Tanzania, ambako mradi wa MEMA kwa Vijana ulianza mwaka 1999. Jamii 20 zilihusishwa; nusu yake watoto wa darasa la tano hadi la saba walipewa masomo haya, nusu nyingine hawakupewa, kisha vijana wakafuatwa kwa miaka. Waliofundishwa hawakuonekana kuanza zinaa mapema kuliko wenzao. Lakini sitaficha nusu ya pili ya habari: maarifa yao yaliongezeka, ila maambukizi ya virusi vya ukimwi hayakupungua. Somo peke yake halimlindi mtoto. Mwalimu anayewaahidi wazazi zaidi ya hapo anawadanganya, nao watamkamata mwakani.

Lipo hata hivyo jambo moja ambalo somo hulifanya. Mtoto aliyeguswa na mtu mzima, naye hana jina la mahali alipoguswa, husema tu "alinifanyia tabia mbaya", na mkubwa humwambia anyamaze. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006 ina adhabu kali, kifungo cha maisha ikiwa mtoto aliyenajisiwa ana miaka kumi na mmoja au chini yake; lakini kesi huanza na mtoto kusema, na kusema huanza na neno. Nitawaandikia ubaoni nambari 116, ya bure, ya kuripotia dhuluma dhidi ya watoto.

Na yapo nitakayoyakubali papo hapo, kwa sababu wana haki nayo. Wasichana na wavulana watatenganishwa katika vipindi hivi. Wavulana nitawaachia mwenzangu wa kiume, nao wafundishwe janaba na kuoga kwake pamoja na heshima kwa dada zao. Kila mzazi atapewa karatasi ya yatakayofundishwa juma moja kabla, kwa Kiswahili. Mgeni yeyote, awe wa shirika au wa wizara, hataingia darasani mpaka wazazi wawili waone alichobeba.

Nimebakiwa na swali moja. Mtoto akiinua mkono akauliza jambo lililo nje ya kitabu, nimjibu au nimwambie akamuulize mamake? Nimekuwa nikijibu kwa kifupi. Nadhani Jumamosi nitamwachia mzee wa safu ya mbele aseme yeye angefanyaje, kisha nisikilize. Viti nimekwisha kuomba ishirini, na chai ya tangawizi ataileta mke wa bawabu.