Alisema "Vitu Poa", Mimi Nikasikia Jina Langu

Wasee, Jumamosi niliweka picha kwa stetasi, nikiwa steji ya Lucky Summer na kasini yangu. Dakika chache baadaye, msichana tunayeishi naye ploti moja akanijibu: "Kumbe huku kuna vitu poa na mnatuficha 😏"

Vitu gani sasa? Mimi? Kasini? Manze, nilisoma hiyo meseji mpaka simu ikazima mwanga.

Jibu la kwanza lilikuja haraka: "Njoo ujionee." Sikulituma. Mwaka jana nilicheza huo mchezo na dem mwingine kwa wiki tatu. Kila meseji yake ya utani niliirudisha na utani mkali zaidi. Siku nilipomwambia niko siriasi, alicheka, akaniambia yeye huongea hivyo na kila mtu. Na hakuwa amenidanganya. Hakuna siku hata moja alikuwa amesema kitu ambacho hangeweza kukana. Hata mimi sikuwa nimesema.

Hapo ndipo kucheza pamoja huwa na shida. Kama hujali jibu litakuwa gani, cheza tu, ni raha ya bure. Lakini kama unalala ukifikiria ile emoji, kila utani unaoongeza unafanya jibu liwe ngumu zaidi kupata.

Na huyu ni wa ploti. Tunapanga mitungi pamoja maji yakija, na kaka yake ndiye hunikopesha chaja. Nikikosea, sina pa kujificha.

Kuuliza nako kuna namna yake. "Unanipenda?" ni swali kubwa kuliko meseji yenyewe, litamtisha mtu. Voisi noti, apana, sauti yangu ilikuwa inatetemeka. Na sikutaka kuuliza saa sita usiku, kwa sababu usiku watu hujibu vitu ambavyo asubuhi wanafuta. Nikangoja Jumapili mchana, nikaandika:

"Hiyo ya vitu poa ulikuwa unanitania ama ulimaanisha mimi? Zote sawa, sitaki tu kukuelewa vibaya."

Sehemu ya "zote sawa" niliiandika mara nne. Ndiyo inampa mtu nafasi ya kusema hapana bila kuona haya. Lakini usiiandike kama utanuna akisema hapana.

Tiki mbili za bluu. Kimya. Nikaenda kununua mutura nisiyoitaka.

Akajibu: "Woi 😂 nilimaanisha viatu! Ulitoa wapi?"

Viatu. Iliniuma mpaka jioni, sitadanganya. Kisha nikamwambia ni mtumba wa Gikomba, nikamwelekeza kwa muuzaji wangu. Jana tumekutana kwa ngazi, ameshavaa zake, nyeupe kuliko zangu. Amenisalimia kama kawaida, na kaka yake bado ananipa chaja.

Kasini naye ameuliza kama nina namba yake. Nimemwambia aniulize wiki ijayo.