Barua kwa Mpwa Wangu Juu ya Wageni Watokao Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Nimeipokea nakala ya barua uliyokusudia kuwapelekea jamaa zetu wa Mombasa wanaokuja Lamu kwa arusi ya dada yako, nami nimeisoma nikijitia katika nafsi ya mama mzee ambaye hajapata kufika huku maishani mwake. Nyumba umemweleza vema, na siku pia. Lakini nachelea atafadhaika mahali pawili, pale atakapoteremka katika basi, na pale atakapotaka kurejea kulala.

Umeandika kwamba basi litawafikisha Lamu. Halifiki. Basi liondokalo Mombasa asubuhi hupita Malindi, Garsen, Witu na Hindi, likakomea Mokowe, nako ni bara, na kutoka hapo ni kupanda mashua mpaka gatini mwa mji. Asiyeambiwa haya, akishuka akakuta maji mbele yake, wachukuzi wameushika mzigo wake na mabaharia wanamwita kila mmoja kwake, hudhani ametupwa njiani. Kwa hiyo litaje jina la Mokowe waziwazi, useme ni nani atakayewalaki hapo, na ya kuwa nauli ya mashua sisi tumekwisha kuitoa, ili asitokee mtu wa kumdai mgeni wetu. Uwasihi pia wapande basi la mapema, wapate kuvuka kungali mchana, na vitambulisho wavichukue mkononi, wala wasivifungie katika masanduku, kwani askari husimamisha mabasi njiani na kila abiria huulizwa chake.

Lakini lililonisumbua hasa ni ile kauli yako kwamba usiku mashua zipo wakati wote. Wageni watalala Shela, kwa kuwa nyumba zetu za Mkomani zimejaa, na arusi imeangukia mwezi kumi na tano, yaani bamvua. Siku kama hizo, kwa desturi ya pwani yetu, maji hujaa yapata saa kumi, alasiri na alfajiri, na hupwa yapata saa nne, asubuhi na usiku. Tazama sasa: wanawake watatoka katika kupamba saa tano za usiku, nayo ndiyo saa ambayo maji yamekwenda mbali na mashua haiwezi kuusogelea ufuko, na mama aliyevaa hariri na dhahabu, mwenye mtoto aliyelala begani, atalazimika kushuka katika tope na mawe gizani. Maji yangekuwa mafu, shida hii isingekuwa kubwa hivyo.

Kwa hiyo mwendee nahodha mmoja mwaminifu, ufanye naye shuruti ya mashua mbili, umpe arbuni ya nusu ya ujira na nusu ibaki mpaka mgeni wa mwisho ashuke. Na usiku wa kuamkia siku ya arusi, saa nne, nenda naye Shela ukaone kwa macho yako mahali ambapo mashua yaelea hata maji yakiwa yamekupwa. Kwa kuwa maji huchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku, utakayoyaona saa nne usiku huo ndiyo yatakayokuwapo karibu na saa tano usiku wa pili. Mahali hapo pakishajulikana, pataje katika barua.

Wanaume watakuwa wamemaliza baada ya nikahi na chakula, basi mashua ya kwanza iondoke saa tatu u nusu na iwachukue wao pamoja na watoto wakubwa. Ya mwisho iwangoje wanawake, wala ising'oe nanga mpaka shangazi yako, mwenye orodha ya majina mkononi, amesema kwamba wote wamo. Nahodha akikuambia ataongeza watatu juu ya kadiri ya chombo, usikubali, na kila abiria apate boya la kuvaa. Vizee wasiojiweza watafutie punda kutoka mlangoni mpaka gatini, kwa sababu vichochoro vya Mkomani havina nafasi ya gari.

Huenda atatokea kijana atakayewashawishi watembee kwa njia ya pwani, kwa kuwa ni mwendo wa kiasi cha dakika 45 tu na maji yamekupwa. Wakataze katika barua yenyewe. Mchana ni njia nzuri. Usiku, pamoja na mapambo waliyovaa, siwaridhii, na wakichelewa mpaka maji yakazidi kujaa, yatawazibia sehemu ya njia hiyo.

Iandike upya barua hiyo kwa haya niliyokutajia, uniletee niione kabla haijapelekwa, pamoja na idadi ya watakaolala Shela, wanawake mbali na wanaume mbali, kwani nahodha hawezi kukupa jawabu pasipo idadi hiyo.

Wassalaam,
Mjomba wako