Upande wa kulia haukuwa bubu

Hapa Nyarugusu hedifoni moja husikilizwa na watu wawili, kila mtu na sikio lake. Kwa hiyo kama rekodi ina upande mmoja uliokufa, tunajua haraka: mmoja anatikisa kichwa, mwenzake anauliza, "Mbona mimi sisikii?"

Nikiletewa kazi kama hiyo, kwanza naweka wimbo mwingine ninaoujua kwa hedifoni ileile. Nao ukikosa upande, basi rekodi haina kosa. Ni waya umekatika, ao kwenye simu mtu amesukuma mizani ya sauti upande mmoja. Wimbo ukisikika pande zote, hapo ndiyo nafungua kompyuta.

Mwaka jana dada mmoja wa Fizi alikuja na faili ya dakika 46. Ni bibi yake akiulizwa na kijana kuhusu ukoo: nani alizaliwa wapi, nani alizikwa wapi kabla ya watu kukimbia mwaka 1996. Bibi alikuwa ameshafariki, na hakukuwa na rekodi nyingine. Upande wa kushoto ulikuwa na sauti kubwa ya kijana, na bibi anasikika mbali, kama mtu aliye chumba cha pili. Upande wa kulia, kimya.

"Fundi wa kule sokoni alisema afute ule wa kulia, achukue wa kushoto auweke masikio yote mawili," akaniambia. "Nikakataa kwanza."

Ushauri ule si mbaya kila mara. Kama maiki ilikuwa moja tu, imeingia upande mmoja wa mashine, ule mwingine kweli hauna kitu, na kuufuta ndiyo dawa. Lakini niliuliza: maiki zilikuwa ngapi? Mbili, moja kwa shati la kijana, moja kwa kitenge cha bibi. Basi bibi tuliyemsikia mbali alikuwa amenaswa na maiki ya kijana. Maiki yake mwenyewe ilienda wapi?

Nikafungua faili ndani ya Audacity. Kwenye menyu ya trak kuna `Split Stereo to Mono`. Inatenganisha pande mbili zikae moja moja. Ule wa kulia ulionekana mstari ulionyooka, lakini nilipokuza picha, mstari ulikuwa unatetemeka pale bibi anapojibu. Mstari uliokufa kabisa hautetemeki. Mashine ile ina kitufe cha kuongeza sauti kwa kila maiki, na cha bibi kiliachwa karibu na sifuri.

Nikachagua trak ya kulia, nikaenda `Amplify`, nikaweka desibeli 24. Kila desibeli 6 ni karibu mara mbili, kwa hiyo 24 ni kama mara 16. Bibi akatoka, karibu kabisa, hadi pumzi yake. Lakini mvumo nao ulipanda mara 16, shhhh kama mvua kwenye bati. Nikatafuta sekunde tatu ambazo hakuna anayesema, nikampa `Noise Reduction` azijue kwa `Get Noise Profile`, kisha nikapunguza mvumo desibeli 8 kwa trak yote. Nilijaribu 20 pia: sauti ya bibi ikawa kama anaongea ndani ya maji. Nikarudi 8. Mvumo kidogo haumzuii mtu kusikia jina.

Ilibaki kuunganisha. Kuna amri inaitwa `Mix Stereo Down to Mono`, inavutia kwa sababu ni kubonyeza mara moja. Ingekuwa tangu mwanzo, ingemzika bibi chini ya kijana. Hata baada ya kumwinua haikufaa, maana sauti yake ilikuwa kwenye maiki zote mbili, ya pili ikichelewa kidogo kwa umbali, na zikichanganywa anasikika kama yuko ndani ya pipa. Kwa hiyo nilipita dakika zote 46: kijana akiuliza, nikanyamazisha kulia, bibi akijibu, nikanyamazisha kushoto. Kazi ya siku mbili, kwa sababu ya umeme. Kisha ndiyo nikatoa faili ya mono, ambayo hucheza sawa masikio yote mawili. Faili ya mwanzo sikuigusa. Iko kwa flash yake.

Dakika ya 31 lori linapita na bibi anageuza uso. Hapo jina la mtoto wa tatu halimo kwenye maiki yoyote, na hakuna kitufe cha kulirudisha. Dada aliacha nafasi kwenye daftari, akampigia shangazi yake Uvira. Shangazi anasema ni Riziki, mjomba anasema ni Mapenzi. Wameyaandika yote mawili.