Meli iliyopakwa grisi, na ghala zilizobaki tupu

Wakimbizi wengi waliovuka ziwa Tanganyika wanaijua meli Liemba. Mwaka 1997 ilirudisha Wakongomani wengi waliokuwa Kigoma. Lakini si wengi wanaojua kwamba meli hiyo hiyo iliwahi kulala chini ya ziwa, na kwamba wenye meli ndio walioizamisha.

Ilikuwa Julai 1916. Meli iliitwa Graf von Götzen, mali ya Wajerumani waliotawala nchi ile. Askari wa Kongo ya Wabelgiji, chini ya Jenerali Tombeur, walikuwa wakishuka kupitia Ruanda na Burundi, na Waingereza wakitoka kaskazini. Wajerumani hawakuwa na watu wa kutosha kushika kila mahali, wakaamua kurudi nyuma.

Jeshi linalorudi nyuma huogopa kwamba kile linachokiacha kitamlisha, kitamlaza na kumbeba adui anayelifuata. Kwa hiyo Wajerumani walivunja madaraja ya reli ya kutoka Dar es Salaam. Askari anaweza kuvuka mto kwa miguu, lakini gari moshi haliwezi. Unga wake unabaki ng'ambo, au unabebwa kichwani na wapagazi, na mpagazi naye lazima ale njiani. Safari ikiwa ndefu, mzigo unaofika ni mdogo. Nyumba ikichomwa ni vilevile: anayefuata analala kwenye mvua na homa inamkamata. Hesabu hiyo iliwasaidia kweli. Waingereza walifika kwenye reli wakiwa na njaa na malaria, na Wajerumani wakaendelea kupigana mpaka Novemba 1918.

Ile meli waliizamisha kwa uangalifu. Mafundi walipaka mashine zake grisi nyingi, maana walitumaini kurudi. Waingereza ndio walioitoa majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba.

Chakula cha mkulima hakipakwi grisi. Kule Ugogo, karibu na Dodoma, Wajerumani waliondoka na nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Waingereza walipofika nao walichukua, kwa sababu walikuta reli imevunjwa na tumbo halingoji. Hapo ndipo hesabu ya jeshi inapomwacha mwananchi: adui mwenye njaa harudi kwao, anaingia katika ghala la mwisho. Kisha mvua ikakosekana. Wagogo waliiita njaa hiyo Mtunya, na inakadiriwa iliua watu 30,000.

Itifaki ya Kwanza ya Geneva ya mwaka 1977 inakataza kuharibu mashamba, mifugo na maji ambayo raia wanategemea ili waishi. Iliacha mlango mmoja mwembamba: nchi iliyovamiwa, ndani ya ardhi yake ambayo bado inaishika, na ikiwa vita haiachi njia nyingine. Jeshi lililoingia katika nchi ya wengine halina mlango huo, hata likiwa linakimbia.