Taa Tatu Zinawaka, Grainda Imezima

Wasee, hii shida mnaijua. Unakata chuma na grainda ya betri, cheche zinaruka vizuri, halafu ghafla kimya. Unabonyeza kitufe cha betri, taa tatu kati ya nne zinawaka. Unaachilia, unawasha tena, inanguruma. Ukiikandamiza kwa chuma, inazima tena.

Wengi husema taa zinadanganya. Mimi nasema taa zinajibu swali lingine kabisa. Kwa betri nyingi, zile taa husoma volti wakati betri imepumzika. Hazikuambii volti itashuka kiasi gani kazi ikiwa ngumu.

Tangu niachane na kampasi, mimi hurekodi video kwa karakana moja Kariobangi. Huko kuna kijana ambaye mdosi alitaka kumkata mshahara, ati yeye ndiye anaharibu grainda. Kijana akajitetea, "Lakini boss, hii betri ikiwekwa kwa drili inafanya kazi siku nzima!" Hakuna aliyemsikiliza, na hapo ndipo jibu lilikuwa.

Betri ya volti 18 ina seli tano, au mafungu matano ya seli, zilizofuatana kwa mstari. Kila seli ina ukinzani kidogo ndani yake. Umeme ukipita hapo, sehemu ya volti inapotelea humo ndani na kugeuka joto. Hesabu yake ni hii tu: V = I × R. Seli ikizeeka, ukinzani unaongezeka, hata kama bado inakubali kujaa chaji.

Tulichukua betri ya kijana na nyingine mpya, zote zikisoma volti 18.4 kwa mita. Kisha tukaunga balbu mbili za taa za mbele za gari, zile za volti 12 na wati 55, moja baada ya nyingine. Zikiwa hivyo zinavuta karibu ampea 4. Betri mpya ikashuka hadi 18.2. Ya kijana ikashuka hadi 17.6.

Unaweza kusema hiyo tofauti ni ndogo. Sasa piga hesabu. Ya kijana imepoteza volti 0.8 kwa ampea 4, kwa hivyo ukinzani wake ni omu 0.2. Drili ikitoboa mbao laini inaweza kuvuta ampea 5 hivi, kwa hivyo inapotea volti 1 pekee, na maisha yanaendelea. Lakini grainda ikikandamizwa kwa chuma kinene inaweza kufika ampea 30. Hapo zinapotea volti 6, na 18.4 inakuwa 12.4. Ile mpya, yenye omu 0.05, inapoteza 1.5 tu na kubaki na 16.9.

Elektroniki za ulinzi huwa hazikubali seli ishuke chini sana. Mara nyingi zinakata kati ya volti 2.5 na 3 kwa kila seli, yaani 12.5 hadi 15 kwa betri nzima. Ya kijana ilikuwa imevuka huo mpaka, ndiyo maana ilikatwa. Ukiachilia kitufe cha grainda, ampea zinaisha, volti zinapanda tena, na taa tatu zinarudi kukuchekelea.

Mdosi alitazama mita, akanyamaza, mshahara haukuguswa.

Kuna kitu mita haiwezi kukuonyesha kwa nje: huenda ni seli moja tu iliyochoka, na nyingine nne ni nzima. Hiyo moja ndiyo inagonga chini kwanza. Pia usichanganye na kuzima kwa joto. Betri ikikata baada ya dakika kadhaa za kazi, ikiwa moto mkononi, na ikakataa kuwaka hadi ipoe, huo ni ulinzi wa joto. Ikikata kila unapokandamiza, kisha ikawaka papo hapo, shuku ukinzani.

Kuichaji tena hakuponyi ukinzani. Betri kama hiyo ipe drili au tochi, na grainda ipe betri kubwa yenye seli zilizopangwa sambamba, kwa sababu zinagawana mzigo. Na yeyote akikuambia aondoe ulinzi ili isizime, kataa. Seli iliyokamuliwa kupita kiasi inaweza kushika moto ukiichaji.

Halafu kuna nyinyi mnaonunua betri za mitumba. Muuzaji atakuonyesha taa nne. Mwambie poa, kisha toa mita na balbu zako mbili. Uwe mwangalifu, waya za betri zisigusane, na balbu zinachoma vidole. Volti zikishuka kwa karibu 1 nzima, hiyo bei ya grainda usilipe. Lipa ya tochi.