Futari ya Dar es Salaam na Futari ya Kigoma

Ramadhani iliyopita mtoto wa miaka saba katika madrasa yetu, hapa Dar es Salaam, alitujia na shauri zito. Jioni iliyotangulia alikuwa akifuturu na mama yake, baba yake akapiga simu kutoka Kigoma na kusema kuwa yeye bado amefunga. Mtoto alitaka kujua ni nani aliyekosea, na kama saumu ya mama yake imeharibika.

Tulifunga madirisha ya darasa, tukaleta tochi na mpira wa miguu, na papo hapo tukakosea sisi wenyewe: tuliipitisha tochi kuuzunguka mpira. Watoto walifurahi sana, lakini tulikuwa tumewaonyesha jua likiizunguka dunia kila siku, ilhali usiku na mchana hutokana na dunia kujizungusha. Ikatubidi tuanze upya.

Safari hii tochi ilitulia juu ya rundo la madaftari (misahafu haitumiwi kwa kazi hiyo), usawa wa katikati ya mpira, umbali wa hatua mbili. Ikisogezwa karibu mno huangaza duara dogo tu, wala si nusu nzima ya mpira. Tukabandika vipande viwili vidogo vya plasta: Dar es Salaam kulia, ndiyo mashariki, na Kigoma kushoto kwake, vikiachana karibu sentimita mbili. Kwa mpira wa ukubwa ule, ndivyo miji hiyo inavyoachana.

Ilibaki kujua mpira uzungushwe upande gani. Kaskazini ikiwa juu, ukiutazama mpira kutoka juu yake, huzunguka upande ule ule wa mahujaji katika tawafu. Watoto waliwahi kuiona picha hiyo, hawakuhitaji maelezo zaidi. Mpira ukazungushwa polepole. Plasta ya Dar es Salaam ikaingia gizani, ya Kigoma ingali kwenye mwanga. Dunia huchukua dakika 4 kuzunguka nyuzi 1, na kati ya miji hii kuna karibu nyuzi 10. Basi Kigoma husubiri magharibi kwa takriban dakika 40.

Kisha tukagawa karatasi ya kuchora. Ina duara moja, yaani dunia ikitazamwa kutoka juu ya kaskazini, na jua lipo kushoto. Mtoto hupaka rangi nyeusi nusu ya kulia, huchora mshale wa tawafu, halafu huweka nukta ya kila mji wakati wa adhana ya magharibi ya Dar es Salaam. Wengi waliweka nukta juu ya duara, penye mpaka wa mwanga na giza. Hatukuwafutia, tuliwaambia waufuate mshale kwa kidole. Kidole kilipoingia kwenye mwanga, walitambua wenyewe kuwa hapo ni macheo, wakazihamishia nukta chini.

Mtoto wetu aliiweka Dar es Salaam juu ya mstari na Kigoma kushoto kidogo, kwenye weupe. Pembeni akamchora baba yake ameketi mbele ya sahani ya tende, hajaigusa.