Msusi, patana na mteja kabla ya kufunga safari

Huenda wewe ni mama ambaye humwita msusi aje nyumbani siku ya Jumamosi, kwa kuwa watoto hawana wa kuwaangalia ukienda saluni. Au huenda ni mwanafunzi wa chuo unayejipatia karo kwa kuwasuka watu majumbani mwao. Nimeifanya kazi hii kwa miaka 11 hapa Nairobi, nikitoka Umoja ninakoishi hadi Ruaka, Syokimau na Kileleshwa. Leo ningependa tuzungumze kuhusu jambo ambalo wasusi wengi huliachia bahati: jinsi ya kuingia katika nyumba ya mtu usiyemjua, ukakaa humo saa saba, na kutoka salama.

Saluni ina mlango ulio wazi, na watu wanaingia na kutoka. Nyumbani kwa mteja mlango hufungwa nyuma yako. Tena kazi yetu ina kamba yake inayotufunga. Fundi wa mifereji akiona mambo hayampendezi, hufunga mkoba wake akaenda zake. Msusi aliyefika katikati ya kichwa huona haya kumwacha mwenzake amesukwa nusu. Basi hubaki, jua likizama, hata pale ambapo moyo unamwambia aondoke.

Utakumbuka Januari 2024, wanawake walipouawa katika nyumba za kukodi kwa siku katika mitaa ya South B na Roysambu, na tarehe 27 mwezi huo watu kwa maelfu wakaandamana hapa Nairobi. Waliouawa hawakuwa wasusi. Hata hivyo, sisi ambao riziki yetu iko nyuma ya milango ya watu tulijiuliza: nisiporudi leo, nani atajua nilikokwenda?

Jibu la swali hilo hutayarishwa nyumbani, kabla ya kupanda matatu.

Mapatano ya simu

Mteja mpya akiniandikia ujumbe, mimi humpigia simu. Nataka kuisikia sauti yake. Namuuliza mtindo, urefu wa rasta, na ikiwa nywele zitakuwa zimeoshwa na kukaushwa. Halafu namuuliza mambo manne kwa upole, kama ninavyouliza rangi ya nywele bandia: nani watakuwa nyumbani siku hiyo, tutakaa chumba kipi, kuna mbwa, na langoni kuna askari?

Baada ya hapo nami namweleza masharti yangu. Nasukia sebuleni, si chumba cha kulala. Namsuka yule tuliyepatana tu. Dada yake akitaka kusukwa, tutapanga siku nyingine. Saa ya kuondoka ikifika naondoka, na kichwa kikibaki, nitarudi kukimaliza bila kudai zaidi ya nauli. Sharti hili la mwisho ndilo linaloikata ile kamba niliyoitaja. Mteja akilikubali mapema, hapana anayemwonea mwenzake haya. Ndiyo maana pia naanza kusuka kisogoni nikienda mbele. Tukikatiza kazi, kitambaa kizuri hufunika utosi na paji la uso, rasta zikaning'inia nyuma, na mteja akaweza kwenda kazini Jumatatu bila ya mtu kujua.

Malipo pia hupatanwa wakati huo. Tuseme kazi ni shilingi 3,500. Naomba arubuni ya shilingi 1,000 kwa M-Pesa, nusu ya salio kichwa kikifika nusu, na zilizobaki kabla sijachovya ncha za rasta katika maji moto. Ugomvi wa pesa ukizuka, huzuka jioni, msusi amechoka na anataka kwenda. Malipo yakifuata kazi hatua kwa hatua, jioni hakuna cha kugombania.

Arubuni hiyo ina faida nyingine. Ujumbe wa M-Pesa huja na jina ambalo laini imesajiliwa nalo. Jina likiwa tofauti na lile nililopewa, nauliza. Mara nyingi sababu huwa ni njema, kwamba laini ni ya mume au ya mtoto. Lakini nimeuliza, naye anajua kwamba nimeuliza.

Anayebaki na ratiba

Jirani yangu huuza mboga mbele ya ploti yetu kutoka asubuhi hadi usiku. Sikumchagua kwa sababu ya urafiki tu. Nilimchagua kwa kuwa hasafiri, simu yake haizimwi, naye si mtu wa kuona aibu kupiga simu. Yeye ana daftari, na kila ninapotoka anaandika humo: jina la mteja na namba yake ya simu, mtaa, jengo na namba ya nyumba, namba ya simu ya askari wa lango, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na saa ya kuulizwa.

Wengine huniambia kwamba siku hizi yote hayo hufanywa na simu. Kweli, WhatsApp inaweza kumwonyesha mtu ulipo kwa muda wa saa 8, nami huitumia. Lakini simu ikiisha moto, kila kitu hukatika. Tena ramani ya simu haisemi uko ghorofa ya pili au ya saba. Daftari linasema.

Hebu tuchukue mfano wa Jumamosi moja ya Ruaka. Rasta nyembamba za kufika kiunoni, nikiwa peke yangu, hunichukua saa 7. Mteja aliniomba nifike saa nane mchana. Nilimwonyesha hesabu: nane na saba ni saa tatu ya usiku, na kutoka Ruaka hadi Umoja ni matatu mbili kupitia mjini. Tukakubaliana nianze saa mbili asubuhi. Kumaliza, saa tisa alasiri. Nikaongeza saa moja ya chakula na ya kuchelewa, kwa kuwa hakuna kichwa kinachomalizika kwa wakati kilichopangiwa. Basi saa ya kuondoka ni saa kumi. Jua la Nairobi huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kwa hivyo nilikuwa na saa mbili na nusu za kufika nyumbani kukiwa bado na mwanga. Saa ya kuulizwa tukaiweka saa kumi na nusu.

Saa hiyo ikifika kabla sijamwarifu kwamba nimeondoka, jirani hupiga simu na kuuliza, "Umeninunulia uzi?" Nikijibu, "Bado, nitaupitia," mambo ni shwari. Nikijibu, "Nimenunua mweusi," anajua kwamba nina shida na siwezi kuisema. Aliye karibu nami hawezi kushuku, kwa sababu msusi na uzi ni pete na kidole.

Nisiposhika simu je? Hupiga tena baada ya dakika 10. Kisha humpigia mteja. Kisha humpigia askari wa lango amwombe apande akagonge mlango. Askari huyo yuko hatua chache kutoka niliko, kwa hivyo yeye hutangulia. Akishindwa kunipata, au nikitaja uzi mweusi, jirani hupiga 999 au 112, na daftari liko mbele yake akiulizwa ni nyumba gani.

Siku ya Ruaka hakuna kilichoharibika. Saa nane rasta zilikuwa zimevuka masikio, saa tisa na nusu nilikuwa nachovya ncha. Nusu saa baadaye nilimwandikia jirani, "Nimetoka."

Mlangoni

Kuna siku ambayo mapatano haya yalinifaa zaidi. Mwanamke alinipigia simu, tukaelewana vizuri, arubuni ikaja kwa jina la mwanamume. Nilipouliza, akasema ni la mumewe. Langoni nilimwomba askari aniandike katika kitabu cha wageni na anipe namba yake. Nikapanda ghorofa ya nne. Aliyefungua mlango alikuwa mwanamume, akaniambia, "Karibu ndani, mama ametoka kidogo, anarudi sasa hivi."

Kanuni yangu ni kwamba sivuki kizingiti kabla sijakiona kichwa nitakachosuka. Nikamshukuru, nikabaki ushorobani, nikaipigia ile namba ya mwanamke. Ikalia mfukoni mwa yule bwana. Nikamwambia, "Basi nitamngojea langoni, kaka," nikashuka ngazi. Nilikaa na askari dakika 20. Hakuna mwanamke aliyekuja wala aliyenipigia. Nikamwandikia jirani kwamba narudi, nikaenda zangu. Mpaka leo sijui bwana yule alikusudia nini, wala sikuona haja ya kungoja nijue.

Kizingiti pia ndipo mahali pa kuangalia kama mapatano yamebadilika. Kuna mteja aliyenipigia nikiwa tayari kwenye matatu, akasema kwamba badala ya kwake South B niende Kilimani, katika nyumba aliyoikodi kwa siku mbili na marafiki zake wa harusi. Kwangu mimi mahali papya ni mapatano mapya. Nilishuka, nikapata namba ya jengo na ya nyumba, jirani akaandika upya katika daftari, nikamwomba mteja ashuke tukutane mapokezi. Alishuka akicheka, na vikunjo vya kutengenezea nywele kichwani. Nilifanya kazi yangu, nikalipwa, nikaenda. Angekataa kushuka, ningerudi nyumbani na kumrudishia arubuni yake.

Nikishaingia, naweka kiti ambapo nauona mlango, na mkoba wangu nauweka karibu na miguu. Simu haiwi mkobani. Hukaa juu ya meza pamoja na machanuo. Chai naipokea, ila kinywaji chenye kulevya nakikataa kwa kusema kwamba vidole havitanyooka.

Nawe mwenye nyumba, usidhani kwamba msusi anayekuuliza maswali anakushuku. Anayepanga saa ya kuondoka atafika kwa saa yake. Mwarifu askari wa lango kwamba unamtarajia mgeni, uwe nyumbani wewe mwenyewe anapogonga, na kama shemeji au fundi wa runinga atakuja siku hiyo, mwambie msusi mapema. Simu ya "uzi" ikilia, mwache ajibu.

Kuna amana upande wetu pia. Daftari la jirani lina namba za milango ya watu na saa wanazokuwa nyumbani, na mambo hayo hayatakiwi kusomwa na mpita njia. Hufungiwa kabatini. Nikifika Umoja napitia kwake kabla ya kwenda kwangu, ananiona kwa macho yake, anapiga mstari juu ya jina la siku hiyo, na ukurasa ukijaa tunauchoma jikoni.